Ada sifuri, lakini elfu ishirini imekwenda wapi?

*Shikamoo mzee. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kaka yangu yuko Leicester, na kila mwezi ananitumia pauni 200 za ujenzi wa nyumba yetu Buswelu. Anatumia kampuni iliyoandika "ada sifuri", lakini nikiangalia bei ya pauni kwenye Google, shilingi ninazopata zinapungua kama elfu ishirini. Yeye anasema hajakatwa kitu. Nimejaribu tovuti za kulinganisha, kila moja inasifia kampuni yake. Nitaijuaje bei ya kweli? Na je, ni afadhali atume mara moja kwa miezi miwili?*

Marahaba, mwanangu. Kaka yako hasemi uongo, na wewe hujakosea hesabu. Hiyo elfu ishirini imekatwa kweli, ila haikukatwa kwa jina la ada. Imekatwa ndani ya bei ya pauni yenyewe, na ndiyo maana haionekani kwenye risiti.

Nilikaa miaka kumi na moja kwenye dirisha la fedha za kigeni katika benki moja hapa mjini. Ukutani tulikuwa na ubao wenye safu mbili: tunanunua, tunauza. Mteja akija na dola zake tunampa bei ya safu ya kwanza, na yule anayetaka dola za kwenda Guangzhou kuchukua mzigo tunamuuzia kwa bei ya safu ya pili, ambayo iko juu. Hakuna aliyetozwa ada pale dirishani, na bado dirisha lile lilikuwa linalipa mishahara yetu. Pengo kati ya safu mbili ndilo lililokuwa duka letu. Kampuni za kutuma pesa kwa mtandao zinafanya biashara ileile, tofauti ni kwamba wewe unaonyeshwa safu moja tu, ile inayokuhusu, na pengo hulioni.

Ili ulione pengo hilo unahitaji bei ya katikati. Hiyo ni nusu ya njia kati ya bei ambayo benki kubwa zinanunuliana fedha na bei ambayo zinauziana. Ndiyo unayoiona kwenye Google, na ndiyo inayotolewa na Benki Kuu kila siku ya kazi kwenye tovuti yake, bot.go.tz. Pale utakuta kila fedha ina namba tatu: Buying, Selling na Mean. Hiyo ya tatu ndiyo ya katikati. Hakuna kampuni inayolazimika kukupa wewe bei hiyo, na wala si haki yako kisheria, lakini ndiyo fimbo ya kupimia. Kila shilingi iliyo chini ya hapo ni gharama yako, iitwe ada, makato, huduma au isiitwe kitu.

Hapa kuna jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi. Pauni na shilingi hazina soko kubwa la kukutana zenyewe kwa zenyewe. Bei unayoiona imetengenezwa kupitia dola: pauni moja ni dola ngapi, na dola moja ni shilingi ngapi, kisha vinazidishwa. Tuseme pauni ni dola 1.30 na dola ni shilingi 2,615, basi pauni inakuwa 3,400 kasoro kidogo. Ule upande wa pauni na dola ni mpana, bei yake inabadilika kila sekunde na kila mtu anaiona. Upande wa dola na shilingi ni mwembamba zaidi, wanaonunua na kuuza ni wachache, na tovuti moja inaweza kuwa na namba ya jana wakati nyingine ina ya asubuhi hii. Mwaka 2023 na 2024, dola zilipokuwa adimu nchini, bei ya kwenye skrini na bei ya kuipata dola kwa kweli vilikuwa vitu viwili tofauti. Kwa hiyo Google na Benki Kuu zikitofautiana kidogo, usifikiri kuna anayekudanganya. Kwa kupimia shilingi yetu, mimi natumia ile Mean ya Benki Kuu.

Lakini sikiliza vizuri: bei ya katikati inakuambia unalipa kiasi gani. Ili kuchagua kampuni, huna haja nayo. Kuchagua kunahitaji namba mbili tu, pauni zilizotoka kwa kaka yako na shilingi zilizofika mkononi mwako. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Jibu hilo ndilo kiwango cha kweli, na mwenye jibu kubwa ndiye rahisi, hata akiwa ameandika ada kubwa kwenye bango lake.

Tufanye kwa pauni 200 za kaka yako. Namba hizi nimeziweka mwenyewe ili hesabu ionekane, zisichukuliwe kuwa bei za leo. Bei ya katikati ni 3,400.

Kampuni ya kwanza imeandika ada sifuri, na bei yake ni 3,298. Kaka yako anatoa 200, wewe unapata 659,600. Ukigawa unarudi palepale, 3,298. Kwa bei ya katikati pauni 200 zingekuwa 680,000, kwa hiyo kimepotea 20,400. Ni asilimia 3 kamili. Hiyo ndiyo elfu ishirini yako, mwanangu, na kaka yako ana haki ya kusema hakukatwa ada.

Kampuni ya pili inatoza pauni 3.20 na inazikata humohumo kwenye 200, halafu zile 196.80 zilizobaki inazibadilisha kwa 3,383. Unapata 665,774. Gawa kwa 200, kiwango cha kweli ni 3,328 na ushei. Gharama ni asilimia 2.1 hivi. Kwa hiyo aliyetoza ada ameshinda asiyetoza, na kwa shilingi elfu sita na zaidi.

Ya tatu ndiyo inayowapiga watu wengi chenga. Inatoza pauni 1.99 na bei yake ni 3,332. Unapata 666,400, yaani nyingi kuliko zote mbili, na kwenye tovuti ya kulinganisha itakaa juu kabisa. Ila hii haikati ada ndani ya 200. Inaiongeza juu. Benki ya kaka yako imetoa 201.99. Gawa 666,400 kwa 201.99 unapata 3,299. Imeizidi ile ya ada sifuri kwa shilingi moja kwa kila pauni, na ile ya pili imeiacha mbali. Aliyeangalia shilingi zilizofika peke yake angeichagua. Ndiyo maana nasisitiza namba mbili, na ya kwanza iwe ile iliyotoka kweli kwenye akaunti ya mtumaji, siyo ile aliyoiandika kwenye kisanduku cha "You send".

Kama una mtu anayejua kutumia jedwali la kompyuta au la simu, aweke pauni zilizotoka kwenye A2, shilingi zilizofika kwenye B2 na bei ya katikati kwenye C2. Mstari wa kwanza hapa ni kiwango cha kweli, wa pili ni gharama:

```
=B2/A2
=1-(B2/A2)/C2
```

Sasa usikimbilie kumwambia kaka yako ahamie ile ya pili kwa kila kitu. Ada yake hiyo ya 3.20, tuseme imeundwa na pauni 1.50 ambayo haibadiliki, pamoja na asilimia 0.85 ya kinachotumwa. Kampuni nyingi zinaijenga ada hivyo. Siku akikutumia pauni 50 za dharura, ada inakuwa 1.93, na zinazobaki zinakuletea 162,620 hivi. Ile ya ada sifuri ingekuletea 164,900. Imegeuka! Ile pauni moja na nusu haiumi ndani ya 200, lakini ndani ya 50 inauma. Kwa namba hizi zetu, mpaka kati ya kampuni hizo mbili uko karibu na pauni 90. Chini ya hapo tumia ya ada sifuri, juu ya hapo tumia ya pili. Kila jozi ya kampuni ina mpaka wake, na kaka yako anaweza kuutafuta jioni moja tu kwa kujaribu 50, 100, 200 na 400 kwenye programu zote mbili bila kutuma chochote.

Tumefika shilingi zilipofika. Nimesema "mkononi" na nilimaanisha mkononi. Hesabu za kampuni zinaishia pale ujumbe unapoingia kwenye simu yako. Ya kwako inaisha pale unapomlipa fundi. Katikati hapo kuna wakala, kuna ada ya kutoa na kuna tozo, na tovuti za Uingereza mara nyingi haziviweki kwenye hesabu zake. Chukua jedwali la makato la mtandao wako, uangalie mstari wa laki sita hadi saba. Tuseme kutoa kunakugharimu 9,000. Zile 665,774 za kampuni ya pili zinabaki 656,774. Kumbuka kwamba ile ya kwanza, kama ungeichukulia taslimu dirishani bila makato, ilikuwa na 659,600. Imegeuka tena, safari hii kwa sababu ya njia ya kupokea, siyo kwa sababu ya kampuni.

Kwa hiyo unapolinganisha, linganisha simu na simu, benki na benki, dirisha na dirisha. Kampuni moja inaweza kuwa na bei tatu tofauti kwa njia hizo tatu, na wengi hawajui kwamba ukibadilisha kisanduku cha "M-Pesa" kuwa "Bank deposit", kiwango kilicho juu nacho kinabadilika. Kama una akaunti ya benki na kadi, uliza benki yako inakata nini kupokea na kutoa kwenye mashine. Na kama duka la vifaa vya ujenzi linapokea malipo kwa simu, usitoe zote. Uliza kwanza malipo hayo yanakatwa kiasi gani kwako, maana mara nyingi yanakatwa kidogo kuliko kwenda kutoa taslimu kwa wakala halafu kuvuka barabara kwenda kuzilipa. Ukichagua dirisha, hesabu nauli ya daladala na asubuhi utakayoipoteza. Mtu wa Mwaloni asubuhi yake ina bei.

Kuhusu tovuti za kulinganisha, ulivyohisi ni sawa. Nyingi zinalipwa kamisheni unapobofya na kwenda kutuma kupitia kwao. Hilo peke yake si dhambi, lakini linakuambia ni kampuni zipi zitakuwemo kwenye orodha na zipi zitakosekana. Kampuni isiyowalipa inaweza isionekane kabisa, au ionekane chini bila bei. Tena bei wanazoonyesha huwa zimehifadhiwa kwa muda, kwa hiyo ile inayosema 3,383 unaweza kuifungua ukakuta 3,371. Mimi nazitumia kwa kazi moja: kujua majina. Zikishanipa majina matano, nazifunga, nakwenda kwenye programu zenyewe.

Iko moja isiyouza chochote, ya Benki ya Dunia, remittanceprices.worldbank.org. Inapima gharama ya kutuma dola 200 na dola 500 kati ya nchi na nchi, na inajumlisha ada pamoja na pengo la kiwango, kama tulivyofanya hapa. Takwimu zake zinakusanywa kwa robo mwaka, kwa hiyo haikufai kwa bei ya leo. Inafaa kujua kama asilimia unayolipa ni ya kawaida au umeonewa. Lengo ambalo mataifa yamejiwekea ni gharama isizidi asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo kaka yako, kwa asilimia 3, hajaibiwa. Anaweza tu kupata nafuu. Wenye shida kubwa ni watu wetu wanaotuma upande wa pili, kutoka hapa kwenda Kenya, Uganda au Rwanda. Njia hizo kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa zile ghali kabisa kwenye takwimu hizo, ingawa kutoka hapa hadi Sirari ni safari ya siku moja tu. Wenzako wanaouza dagaa kwa wateja wa nje wanalijua hilo kuliko mimi.

Namna ya kupima ni hii. Kaka yako afungue programu mbili au tatu ndani ya dakika tano zilezile, siku ya kazi, mchana wa Ulaya. Aandike 200, achague njia ileile ya kupokea na njia ileile ya kulipa, kisha aende mpaka ukurasa wa mwisho kabisa kabla ya kuthibitisha. Siyo ukurasa wa mbele wenye bango, ule wa mwisho, ambao una jumla ya kulipa na kiasi atakachopata mpokeaji. Apige picha ya skrini, akutumie. Wewe ugawe.

Nasema siku ya kazi kwa sababu masoko ya fedha hufungwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi na kufunguliwa usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu kwa saa zetu. Katikati hapo kampuni haijui bei itafunguka wapi, kwa hiyo baadhi yao hujilinda kwa kushusha kiwango kidogo. Kaka yako kama ni mtu wa kutuma Jumapili akitoka kanisani, ajaribu Jumanne uone.

Asidanganyike na bei ya mara ya kwanza. Kampuni nyingi humpa mteja mpya kiwango kizuri, pengine sawa na cha katikati au hata juu yake, kwa muamala mmoja na kwa kiasi chenye ukomo. Dalili yake ni hii: utaona viwango viwili, kimoja kimekatwa mstari. Hicho kilichokatwa mstari ndicho mtakachoishi nacho kuanzia mwezi ujao, na ndicho cha kuweka kwenye hesabu. Bei ya mara ya kwanza ichukueni, ni pesa halali, ila msihame kwa sababu yake.

Na alipe kwa kuhamisha kutoka benki au kwa kadi ya kawaida ya benki. Akitumia kadi ya mkopo, benki za kule mara nyingi huhesabu utumaji wa pesa kama kutoa taslimu, na mwenye kadi hutozwa ada na riba kuanzia siku ileile. Makato hayo hayatokei kwenye programu ya kutuma. Yatatokea kwenye taarifa ya kadi yake mwezi ujao, na wewe hutayajua kamwe.

Mtu akimshauri atumie benki kwa benki moja kwa moja, msikubali haraka. Hili lilinikuta mwenyewe, na nilikuwa mtu wa benki. Rafiki yangu wa Ulaya alinitumia dola 500 kwa njia ya benki. Zilizoingia kwenye akaunti yangu ya dola zilikuwa 465. Alikuwa ameacha fomu kwenye SHA, maana yake gharama tunagawana, yeye za kwake na mimi za kwangu. Benki ya njiani, ambayo hakuna kati yetu aliyeichagua, ikakata 20. Benki iliyopokea ikakata 15. Kisha nilipotaka shilingi, nikabadilishiwa kwa ile safu ya kununua, ambayo niliijua vizuri kuliko mtu yeyote pale. Jumla ilikuwa zaidi ya asilimia 8. Angechagua OUR angelipa gharama zote kule kwake na mimi ningepokea kamili au karibu na hapo. BEN ndiyo mbaya zaidi kwa mpokeaji, kila kitu kinakatwa kwenye mzigo. Kwa pauni elfu kadhaa za kununulia kiwanja njia hiyo ina maana yake, kwa sababu makato yale ya dola ishirini ishirini hayaongezeki sana na kiasi. Kwa 200 kila mwezi, hapana. Na kwa upande wenu pauni ingeweza kugeuzwa dola kwanza kisha shilingi, mara mbili, kila mara na pengo lake.

Kitu kimoja kinanitia hofu kuliko asilimia hizi zote. Utakutana na mtu kwenye kundi la WhatsApp anayesema anatoa 3,450 wakati bei ya katikati ni 3,400. Kaka yako amwekee pauni kwenye akaunti ya Uingereza, na wewe utatumiwa shilingi hapa. Jiulize anapata wapi faida. Hakuna anayenunua pauni kwa bei ya juu kuliko soko kila siku isipokuwa ana shilingi anazotaka kuziondoa mikononi mwake, na mara nyingi ni kwa sababu haziwezi kuelezwa zimetoka wapi. Siku zikifuatiliwa, laini iliyozipokea ni yako. Nimeona akaunti ya mama mmoja mfanyabiashara ikifungiwa kwa miezi kwa pesa ambayo yeye alidhani ni ya mwanawe. Kampuni halali ya kule imesajiliwa na Financial Conduct Authority, wasimamizi wa huduma za fedha wa Uingereza, na jina lake linatafutwa kwenye daftari lao la mtandaoni bila malipo. Kaka yako alitafute kabla ya kuandika namba ya kadi yake popote.

Sasa hilo la miezi miwili. Kwa kampuni ya pili, pauni 400 kwa mkupuo mmoja zingelipiwa ada ya 4.90, na ungepata 1,336,623. Mara mbili za 200 zingekupa 1,331,548. Faida ni kama elfu tano, pamoja na kidogo utakachookoa kwenye kutoa. Kwa ile ya ada sifuri faida ya kuunganisha haipo kabisa, labda kama inapandisha kiwango kwa kiasi kikubwa, na hilo ataliona akiandika 400.

Lakini pima elfu tano hiyo na mwendo wa shilingi. Mwaka 2024 dola ilifika karibu na 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikarudi kuelekea 2,400. Aliyengoja katika miezi ile alipoteza zaidi ya elfu kumi kwa kila pauni mia, mara kadhaa, bila kampuni yoyote kumkata. Aliyengoja mwaka uliotangulia alipata. Hakuna anayejua itakwenda wapi miezi miwili ijayo, na anayekuambia anajua anataka kukuuzia kitu. Kama fundi anahitaji tofali na saruji mwezi huu, kaka yako atume mwezi huu, Jumanne, kwa kampuni iliyoshinda kwenye ukurasa wa mwisho. Kama msingi unasubiri mvua ipite na pesa ingekaa tu kwenye simu yako, aunganishe, na aanze na kukutumia zile picha za skrini.